Gunia Moja, Bambo Mia

Ukifika soko la Kongowea asubuhi, jua halijakaza, utawaona wanunuzi wa jumla wakizunguka kati ya magunia na mabambo yao mikononi. Bambo ni kile kichuma chenye mfereji na ncha kali. Unakichoma ubavuni mwa gunia, unakizungusha kidogo, na punje zinateremka mferejini hadi kiganjani. Hakuna anayemwaga gunia zima la kilo 90 ili ajue lina punje mbovu ngapi. Mtu anachoma, anahesabu, anataja bei.

Nilipokuwa ripota mchanga nilimfuata mnunuzi mmoja mzee asubuhi nzima. Alichoma gunia la maharagwe, akamimina punje 30 kiganjani, akazichambua kwa kidole gumba. Tatu zilikuwa zimetobolewa na fukusi. Nikatoa kalamu haraka.

"Kwa hiyo, mzee, asilimia kumi ya gunia hili ni mbovu?"

"Hilo ni neno la bambo, mwanangu," akanijibu. "Gunia lenyewe bado halijasema."

Akachoma tena upande wa pili. Safari hii mbovu ilikuwa moja tu katika 30. Akachoma mara ya tatu, zikatoka tano. Gunia ni lilelile, mkono ni uleule, na bado tulikuwa tumepata majibu matatu: asilimia 10, asilimia 3 na asilimia 17. Mzee hakushangaa hata kidogo. Aliyeshangaa ni mimi, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba kutoshangaa kwake ndiyo elimu yenyewe.

Maana jambo ambalo wengi hatulizoei ni hili: jibu la sampuli lina tabia yake, mbali na tabia ya gunia. Gunia lina ukweli mmoja uliotulia ndani yake. Bambo lina majibu mengi linaloweza kutoa, mengine ya mara kwa mara, mengine ya nadra. Ukiweza kuyaorodhesha majibu yote hayo, na mbele ya kila moja ukaandika litatokea mara ngapi, umepata kile wanatakwimu wanachokiita mgawanyo wa uwiano wa sampuli. Jina ni zito, lakini kitu chenyewe unaweza kukimaliza mezani kwa penseli.

Chukua gunia kubwa, nusu maharagwe na nusu kunde, vimechanganywa sawasawa. Bila kutazama, toa punje nne, moja baada ya nyingine. Kila punje inaweza kuwa haragwe au kunde, kwa hiyo njia za kutoka punje nne ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani 16, na zote zina nafasi sawa. Sasa hesabu. Njia moja tu inatoa kunde tupu. Njia nne zinatoa haragwe moja, kwa sababu haragwe hilo linaweza kuwa la kwanza, la pili, la tatu au la nne. Njia sita zinatoa mawili kwa mawili. Nne zinatoa maharagwe matatu, na moja inatoa maharagwe matupu.

Huo ndio mgawanyo, umekamilika: asilimia 0 mara moja, 25 mara nne, 50 mara sita, 75 mara nne, 100 mara moja. Angalia mambo mawili. Kwanza, umejikusanya katikati, palipo ukweli wa gunia, na unapungua kuelekea pembeni. Ukiongeza punje unazotoa, umbo hilo linazidi kuwa laini hadi lifanane na kengele, jambo alilolionyesha Abraham de Moivre mwaka 1733. Pili, hata kwa gunia lililochanganywa vizuri na mkono usio na hila, jibu sahihi kabisa la asilimia 50 linatoka mara sita tu kati ya 16. Mara kumi zilizobaki sampuli inakosea, na hakuna aliyefanya kosa lolote.

Je, inakosea kwa kiasi gani kwa kawaida? Tupime. Jibu la asilimia 0 liko pointi 50 kutoka katikati, na la 100 vilevile. La 25 na la 75 yako pointi 25 kila moja. Wanatakwimu hukipandisha kila kitengo cha umbali kwenye kipeo cha pili, wakatafuta wastani, kisha wakatoa kipeuo. Hamsini mara hamsini ni 2,500, na tunazo mbili, jumla 5,000. Ishirini na tano mara ishirini na tano ni 625, na tunazo nane, jumla 5,000 tena. Zile sita zilizotua katikati haziongezi kitu. Elfu kumi ukigawa kwa njia 16 unapata 625, na kipeuo chake cha pili ni 25. Kwa hiyo sampuli ya punje nne kwa kawaida inapotoka ukweli kwa takriban pointi 25.

Kabla hatujaipa namba hiyo jina, tufanye hesabu ileile kwa punje moja moja ndani ya gunia. Haragwe tulihesabu 100, kunde 0. Wastani wa gunia ni 50. Kila punje, haragwe au kunde, iko pointi 50 kutoka kwenye wastani huo. Hivyo mtawanyiko wa punje ndani ya gunia ni pointi 50.

Tuna namba mbili sasa, 50 na 25, na ugomvi wote wa makala hii uko kati yake. Hiyo 50 ndiyo mkengeuko sanifu. Inaeleza punje: zinatofautiana kiasi gani zenyewe kwa zenyewe. Ile 25 ndiyo kosa sanifu. Inaeleza bambo: majibu yake yanayumba kiasi gani kutoka choma moja hadi nyingine. Uhusiano wake ni mwepesi, unagawa ya kwanza kwa kipeuo cha pili cha idadi ya punje ulizotoa. Punje nne, kipeuo chake ni mbili, hamsini kwa mbili ni 25. Ukitoa punje 100, kosa sanifu linashuka hadi pointi 5. Ukitoa 2,500, linashuka hadi pointi moja. Lakini mkengeuko sanifu unabaki 50 daima. Hata ukimwaga gunia lote sakafuni ukahesabu punje zote, haragwe litabaki haragwe na kunde itabaki kunde.

Majina haya yaliwekwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Karl Pearson ndiye aliyeanza kuuita mkengeuko sanifu, na Udny Yule akafuata na kosa sanifu mwaka 1897. Kwa maoni yangu Yule alitutia matatani kidogo, maana neno "kosa" humfanya msomaji amtafute mkosaji: karani mvivu, swali lililoulizwa vibaya. Kosa sanifu halina mkosaji. Ni yumbayumba tu ya bambo.

Na mimi nilishawahi kuzikanyaga namba hizi mbili gizani. Chumba cha habari nilichokuwa nikifanya kazi kilipata faili la utafiti wa maoni uliowahoji watu 2,000. Safu moja ilikuwa ya jibu la swali kuu, 1 kwa aliyesema ndiyo na 0 kwa aliyesema la. Nikafungua jedwali kwenye kompyuta, nikakumbuka kwamba kuna amri ya kupima mtawanyiko, nikaiandika. Ikatoka 0.5. Nikaenda kwa mhariri nimejaa ushujaa. "Bosi, huu utafiti ni takataka. Kosa lake ni asilimia hamsini!" Mhariri naye hakuwa mtu wa hesabu. Habari ikatupwa.

Siku mbili baadaye mwanatakwimu aliyefanya kazi ile akanipigia simu. Hakugomba. Alinisikiliza nikieleza, akacheka, akasema: "Ndugu mwandishi, hiyo 0.5 ni ya wananchi, si ya utafiti wangu." Kisha akanisomea niandike mstari wa pili chini ya wangu:

```
=STDEV.S(B2:B2001)
=STDEV.S(B2:B2001)/SQRT(2000)
```

Wa kwanza ulitoa 0.5, wa pili 0.011, yaani pointi moja na kidogo za asilimia. Wa kwanza ulikuwa unaniambia kwamba wananchi wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, jambo nililokuwa nikilijua tayari kwa kutazama matokeo. Wa pili ndio ulionijibu swali langu: kama utafiti huu ungerudiwa kwa watu wengine 2,000, jibu lingeyumba kiasi gani.

Tangu siku ile nina kipimo changu. Nikiletewa namba na kuambiwa ni "kosa" la utafiti, najiuliza: je, tungewahoji watu mara nne zaidi, namba hii ingepungua? Kama ingebaki palepale, nimeletewa mkengeuko sanifu. Kama ingepungua nusu, ni kosa sanifu. Kwa maswali ya ndiyo na la kuna dalili nyepesi zaidi, kwa kuwa mkengeuko sanifu wa ndiyo na la hauvuki pointi 50, na unaganda kwenye arobaini na kitu kila mara watu wanapogawanyika bila upande mmoja kuuelemea mwingine sana. Ukiona 0.48 au 0.49 imeandikwa kuwa kosa la utafiti wa watu elfu mbili, mtu amesahau kugawa.

Wako pia wanaogawa mara mbili, na hao ni hatari zaidi kwa sababu namba yao inapendeza. Kijana anajifunza takwimu, anaiambia kompyuta ichome gunia la kubuni mara 1,000, kila mara punje 2,000. Anapata majibu 1,000, anayapima mtawanyiko, inatoka 0.011. Vizuri sana. Kisha anakumbuka mwalimu alisema kosa sanifu hupatikana kwa kugawa kwa kipeuo, anaigawa tena kwa kipeuo cha 1,000, anapata 0.00035 na kufurahi. Amepotea. Ile 0.011 ilikuwa tayari kosa sanifu, kwa sababu alichokipima ni majibu ya bambo, si punje. Rudi kwenye punje zetu nne: tulipopima umbali wa yale majibu 16, tulipata 25 moja kwa moja, na hatukuigawa kwa kipeuo cha 16. Alichopata kijana kwa kugawa mara ya pili ni kitu cha tatu kabisa, uhakika wa wastani wa majaribio yake ya kompyuta, ambao hakuna mtu mtaani anayeuhitaji.

Hapa vitabu navyo vina lawama yao. Kosa sanifu ni mtawanyiko wa majibu ya sampuli, kwa hiyo ni haki kabisa kuliita mkengeuko sanifu wa uwiano wa sampuli. Vitabu vingi hufanya hivyo pale ambapo ukweli wa gunia, p, unajulikana, na huandika √(p(1 − p)/n). Mtu asipoujua ukweli huo, huweka mahali pake uwiano aliopata kwenye sampuli, na hapo ndipo kitabu kinabadilisha jina na kuita kosa sanifu. Mwanafunzi anaona fomula moja yenye majina mawili, na jina moja lenye fomula mbili. Dawa ni kuuliza kila mara: mkengeuko sanifu wa nini? Wa punje, au wa jibu? Ukishalijibu hilo, jina halikusumbui. Na tofauti kati ya kutumia p halisi na kutumia ya sampuli ni ndogo mno panapokaribia nusu kwa nusu: kwa asilimia 47 mtawanyiko wa mtu mmoja mmoja ni 49.9, kwa asilimia 50 ni 50.

Sasa tuliache soko twende kwenye gunia ambalo Kenya nzima ililimwaga na kulihesabu. Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walipiga kura ya kwanza ya urais chini ya katiba ya 2010, inayomtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilihesabu pale Bomas hadi tarehe 9, ikatangaza kwamba kati ya kura 12,330,028 Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433, yaani asilimia 50.07. Raila Odinga alikuwa na asilimia 43.31. Kenyatta aliuvuka mstari wa nusu kwa kura kama 8,400, idadi ya watu wanaoweza kuenea upande mmoja wa uwanja wa mpira.

Tuseme kura zote zile zingemwagwa kwenye gunia moja kubwa, zikachanganywa, kisha tukachoma bambo na kutoa 2,000. Ukweli wa gunia tunaujua, 50.07. Mkengeuko sanifu wa kura moja moja ni pointi 50. Kipeuo cha 2,000 ni karibu 44.7, kwa hiyo kosa sanifu ni pointi 1.12. Bambo likichomwa mara mia, kiasi cha mara 95 jibu litaangukia ndani ya makosa sanifu mawili hivi ya ukweli, kwa usahihi 1.96, yaani pointi 2.2 huku na huku. Hiyo 2.2 ndiyo ile "kiwango cha makosa" inayosomwa mwisho wa habari za kura za maoni, harakaharaka, kama masharti ya tangazo la dawa.

Lakini umbali kutoka 50 hadi 50.07 ni sehemu saba tu katika mia za pointi moja. Mbele ya bambo linaloyumba kwa pointi 1.12, umbali huo haupo. Ukipiga hesabu, karibu sampuli 47 katika kila 100, zote halali, zote zimechukuliwa bila hila, zingeonyesha kwamba mgombea huyu hakufika nusu. Ni kama kurusha sarafu. Ukitaka sampuli itakayoitofautisha 50.07 na 50 kwa uhakika huohuo wa 95 katika mia, lazima uchukue kura karibu milioni mbili. Hapo ni afadhali uhesabu tu.

Na kuna watu waliojaribu kitu kinachokaribiana na hicho. Kundi la waangalizi wa ndani, ELOG, lilichagua kwa bahati nasibu vituo vya kupigia kura kama 1,000 nchi nzima, likaweka mwangalizi kila kituo anakili matokeo yaliyotangazwa pale, na likayajumlisha pembeni ya hesabu ya tume. Makadirio yao kwa Kenyatta yalikuwa asilimia 49.7, na kiwango cha makosa cha pointi 2.7. Kwa Odinga yalikuwa 43.4, na makosa ya pointi 2.5.

Msomaji aliyefuata hesabu yetu hadi hapa ana haki ya kukunja uso. Nchi ilikuwa na vituo zaidi ya 31,000, na kwa wastani kila kituo kilipata kura karibu 385. Vituo 1,000 maana yake ni kura 385,000 hivi. Gawa 50 kwa kipeuo cha 385,000, unapata kosa sanifu la pointi 0.08, na kiwango cha makosa cha 0.16. Mbona waangalizi wametaja 2.7, mara 17 zaidi? Wamekosea?

Hawakukosea. Wao walijua wamechoma nini. Hawakuchagua kura, walichagua vituo, na kura za kituo kimoja ni majirani. Ukiingia kituo cha Siaya ukafungua karatasi kumi za kwanza, unajua hiyo ya kumi na moja itasema nini. Kituo cha Nyeri nacho hivyohivyo, kwa jibu la upande wa pili. Karatasi ya mia tatu kutoka kituo kilekile haikuongezei habari, inarudia ya kwanza. Kwa hiyo punje halisi za sampuli ile ni vituo 1,000, na hizo 385,000 ni maganda yake.

Tukirudi nyuma kihesabu kana kwamba vituo vilitolewa kwa nasibu tupu, tunaziona namba zetu mbili zikisimama bega kwa bega. Kiwango cha makosa cha 2.7 ukigawa kwa 1.96 kinatoa kosa sanifu la pointi 1.4. Izidishe kwa kipeuo cha 1,000 unapata takriban 44, na huo ndio mkengeuko sanifu wa vituo. Pointi 44 inaieleza nchi: vituo vilivyotofautiana karibu kadiri inavyowezekana, vingi vikiwa vyeupe au vyeusi kabisa, vichache vya kijivu. Pointi 1.4 inaueleza mradi wa waangalizi: ungerudiwa kwa vituo vingine 1,000, jibu lingeyumba kiasi hicho. Mtu akizichanganya, atasema ama utafiti ulikuwa hovyo kupindukia, ama Wakenya walikubaliana karibu wote. Zote mbili ni uongo.

Ukitafuta ni wapiga kura wangapi, kila mmoja akichaguliwa peke yake kutoka kona yoyote ya nchi, wangetoa kiwango cha makosa cha 2.7, unapata kama 1,300 tu. Kura 385,000 za majirani zilikuwa na uzito wa watu 1,300 wasiofahamiana. Kila utafiti unaokwenda kijijini na kuhoji nyumba kadhaa zilizo jirani una upungufu wa namna hii, japo mara nyingi mdogo zaidi. Afrobarometer, kwa mfano, huhoji watu wanane katika kila eneo la hesabu. Kwa watu 2,400 hutaja kiwango cha makosa cha pointi 2, na ukipiga fomula ya gunia lililochanganywa utaipata hiyo 2 hasa. Ujirani wa wale wanane hautakuwamo, kwa hiyo isome kama kiwango cha chini.

Yule mzee wa Kongowea alilijua hili bila fomula. Hakuchoma mara tatu mahali pamoja. Alizunguka gunia, kwa kuwa fukusi hukaa kwa ukoo, na punje iliyotobolewa huwa na jirani aliyetobolewa.

Alijua pia kwamba muuzaji mjanja huweka maharagwe mazuri juu na pembeni, mabovu yakae kiini. Bambo fupi halifiki huko. Ulichome mara elfu, majibu yatakubaliana vizuri sana, kosa sanifu litashuka karibu na sifuri, na wote mtakuwa mmedanganywa kwa pamoja. Utafiti wa simu usiowafikia wasio na simu ni bambo fupi, na hakuna fomula ya kipeuo inayoweza kulinusa hilo kutoka ndani ya namba.

Na kuna mahali fomula yenyewe inachekesha. Mzee angechoma gunia la nne, punje 30, mbovu sifuri. Weka sifuri mahali pa p kwenye √(p(1 − p)/n) na kosa sanifu linatoka sifuri, eti tuna hakika kamili kwamba gunia zima ni safi! Ukweli ni kwamba gunia lenye asilimia 10 mbovu bado lina nafasi ya asilimia 4 ya kukupa punje 30 safi mfululizo. Kwa hali hii wanatakwimu hutumia kanuni ya tatu: gawa tatu kwa idadi ya punje, na hicho ndicho kiwango cha juu unachoweza kukishuku bado. Tatu kwa 30 ni moja ya kumi. Mgawanyo wenye umbo la kengele unahitaji kuwe na angalau punje kumi hivi za kila aina kwenye sampuli, na penye pungufu ya hapo usiliamini kosa sanifu lililoandikwa.

Turudi kwa ELOG, maana makadirio yao yalivutwa na kila upande. Waliosema Kenyatta hakufika nusu waliishika 49.7. Waliosema alifika walizishika zile pointi 2.7 za juu. Toa 2.7 kwenye 49.7 unapata 47.0, ongeza unapata 52.4. Namba ya tume, 50.07, imo ndani, na 49.9 nayo ingekuwamo vilevile. Makadirio yale yalionyesha kwamba hesabu ya tume haikuwa mbali na ilivyotangazwa vituoni, na hilo si dogo. Kuhusu zile kura 8,400, hayakusema lolote, si kwa upande huu wala kwa ule.